Barua Inayosomwa na Meneja Akiwa Amesimama

Nyanya iliyochumwa Werugha, juu katika milima ya Taita, yaweza kufanya safari ya ajabu. Huteremka kwa gari hadi Wundanyi na Mwatate, ikapita Voi usiku, ikafika soko la Kongowea mjini Mombasa kabla ya alfajiri. Huko hununuliwa, ikapakiwa kwenye lori la hoteli, na kurudishwa kwa njia ile ile iliyojia, kama kilomita 150 mpaka Voi, hadi jikoni mwa hoteli ya wageni iliyo ukingoni mwa mbuga ya Tsavo. Imelipiwa nauli mara mbili, imepondwa mara mbili, na mpishi huitazama akatikisa kichwa. Kutoka shambani hadi Voi ilikuwa ni kama kilomita 50 tu.

Ndugu zetu na mama zetu wa Wundanyi, Mwatate na Voi wanalijua jambo hili, na wako waliokwisha kuandikia hoteli barua za kutaka kuuza moja kwa moja. Barua nyingi za namna hii hazijibiwi. Si kwamba bidhaa ni mbaya, wala si lazima kuwa kuna mtu anayekula njama. Mara nyingi barua haikusomwa ikaisha. Wiki hii twapenda kulitazama pendekezo moja la mauzo kwa urefu, la nyanya, tulione linavyoandikwa hata mwenye kuamua akaweza kulisoma na kulitia sahihi. Hesabu tutakazozitumia ni za mfano. Kila mmoja ataweka za kwake.

Tuanze na barua kama ilivyozoeleka. Huanza kwa salamu ndefu, ikaeleza kikundi kilianzishwa mwaka gani na kina wanachama wangapi, wenyekiti waliotangulia, semina zilizohudhuriwa, na dhamira ya kuinua maisha ya wanawake. Ukurasa wa pili husifu udongo wa Taita. Ukurasa wa tatu huomba hoteli iwaunge mkono wenyeji. Bei haimo, au imefichwa katika jedwali mwishoni, na imeandikwa kwa sanduku. Hapo pana kosa dogo lenye madhara makubwa: sanduku la nyanya halina uzani mmoja, na hoteli hununua kwa kilo. Mtunza stoo hawezi kulinganisha sanduku na kilo, kwa hiyo halinganishi.

Sasa tumtazame anayeipokea. Meneja wa hoteli huisoma barua kwenye simu, amesimama, baina ya wageni wanaoondoka na jenereta iliyozima. Anataka kujua mambo machache tu: anaombwa nini, ni pesa ngapi, kuna faida gani kuliko afanyavyo sasa, na mambo yakienda mrama itakuwaje. Asipoyaona katika nusu ya kwanza ya ukurasa, huiweka barua kando aisome baadaye, na hiyo baadaye haiji. Tena haamui peke yake. Atamuuliza mpishi mkuu kuhusu ubora na mhasibu kuhusu fedha. Barua ni lazima imtoshe yeye, kisha iweze kutumwa kwa hao wawili bila ya mwandishi kuwapo kuieleza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuandika. Ni kwenda hotelini na kuuliza. Mtunza stoo ajua ni kilo ngapi huingia kila wiki. Mpishi ajua ni ngapi hutupwa. Watu hawa wakiulizwa kwa adabu, asubuhi baada ya kifungua kinywa wageni wakisha kutoka, huzungumza kwa uwazi, kwani nyanya mbovu ni udhia wao wa kila siku. Tuseme wametuambia hivi: hoteli hununua kilo 200 kwa wiki kutoka Mombasa kwa shilingi 80 kwa kilo, fungu la nyanya katika gharama za lori ni shilingi 4,000, na kila wiki kilo 30 huishia jaani.

Kikundi chetu kinaweza kufikisha nyanya mlangoni mwa jikoni kwa shilingi 105 kwa kilo. Tukiandika 105 bila ya maelezo, tumekwisha kushindwa, maana mhasibu ataona 105 mbele ya 80 na kufunga faili. Lakini hoteli hailipi 80. Hulipa shilingi 16,000 za nyanya na 4,000 za usafiri, jumla 20,000, na katika kilo 200 hupika kilo 170 pekee. Gawanya 20,000 kwa 170: kila kilo inayoingia sufuriani huigharimu hoteli karibu shilingi 118. Nasi twatoa kilo 170 nzima, zilizopimwa kwa mizani ya hoteli yenyewe na mbovu kukataliwa pale pale, kwa 105. Jumla ni shilingi 17,850 kwa wiki. Tofauti ni shilingi 2,150.

Hesabu hii ndiyo moyo wa pendekezo. Nguvu yake yatokana na kwamba kila tarakimu yaweza kuthibitishwa katika vitabu vya hoteli yenyewe. Mhasibu hahitaji kutuamini. Afungue tu daftari la stoo.

Hata hivyo kuna mtego ambao waandishi wengi hutumbukia. Je, lori la Mombasa litaacha kwenda? Ikiwa bado litakwenda kila wiki kuchukua samaki, mchele na mafuta, basi zile shilingi 4,000 hazitaokolewa. Zitagawanywa tu juu ya bidhaa nyingine. Katika hali hiyo gharama ya kweli ya nyanya kwa hoteli ni 16,000 kwa kilo 170, yaani shilingi 94 kwa kilo, na bei yetu ya 105 ni ghali zaidi. Mhasibu makini ataliona hilo kabla ya kumaliza chai yake, na baada ya hapo hataamini chochote kingine katika barua. Ni afadhali tuulize mapema. Lori likiwa litaendelea, tuna njia mbili za haki: tushushe bei ikiwa shamba linaruhusu, au tukiri kwamba hoteli italipa shilingi 1,850 zaidi kwa wiki na tuseme itapata nini, kwa mfano nyanya zilizochumwa jana mara tatu kwa wiki badala ya mzigo mmoja unaozeeka stoo. Mpishi mkuu huenda akalitetea hilo. Huenda asilitetee. Lakini pendekezo lisilosema ukweli huu halifiki hata kwake.

Katika mfano wetu tuseme hoteli ina gari lake dogo linalokwenda Mombasa hasa kwa ajili ya mboga, na safari hiyo yaweza kukatwa. Basi 2,150 yasimama.

Jambo linalofuata ni kiasi cha ombi, na hapa ndipo mapendekezo mazuri hufia. Kikundi hutaka mkataba wa mwaka, na ni haki yao kutaka, maana mkulima apanda leo avune baada ya miezi kadhaa. Lakini shilingi 17,850 kwa wiki 52 ni shilingi 928,200. Meneja wa hoteli nyingi ana kikomo cha fedha anachoweza kukiidhinisha mwenyewe. Kikipita, karatasi huenda makao makuu Nairobi au Mombasa, ikakaa juu ya meza ya mtu asiyewahi kuiona nyanya yetu wala kuilaumu ile ya zamani. Majaribio ya wiki 2 ni shilingi 35,700. Hiyo yaelekea kuwa ndani ya uwezo wa meneja, na akitaka kusema ndiyo, aweza kuisema leo. Ndiyo maana twashauri kuomba wiki 2 kwanza. Kikomo chenyewe si siri kubwa. Afisa wa ununuzi akiulizwa ni manunuzi ya kiasi gani yanayohitaji idhini ya makao makuu, kwa kawaida hujibu.

Majaribio hupunguza pia hofu. Meneja akiacha muuzaji wa Mombasa na sisi tukakosa kufika, wageni watakosa saladi na lawama itakuwa yake, wala si yetu. Hofu hii haiandikwi popote, lakini ndiyo inayozuia sahihi. Iondolewe kwa jambo la kushikika: siku na saa za kufikisha mzigo, namba ya simu ya mtu mmoja anayewajibika, na ahadi kwamba mzigo ukichelewa kupita saa fulani hoteli iko huru kununua kwingine. Twaandika saa kwanza, kisha twasema inshaallah. Neno hili tukufu lisitumiwe kujaza nafasi ya saa ambayo hatujaipanga.

Udhaifu nao usemwe. Masika ya Machi hadi Mei huharibu barabara za milimani na nyanya hupasuka shambani kwa maji mengi. Bahati nzuri, miezi ya Aprili na Mei ndiyo hoteli za Tsavo zina wageni wachache, na kilo 170 huenda zikawa 90. Pendekezo likiandika kwamba kiasi kitapangwa kila Alhamisi kwa wiki inayofuata, kati ya kilo 80 na 170, limejibu matatizo ya pande mbili kwa sentensi moja. Mkulima asipoandika hivi atajikuta ameahidi kilo asizoweza kuzitoa, au amevuna kilo zisizotakiwa.

Sasa malipo, na hapa twaomba msomaji asipite haraka, kwani vikundi huvunjika kwa jambo hili hata baada ya pendekezo kukubaliwa. Kanuni ya hoteli nyingi ni kupokea ankara mwisho wa mwezi na kulipa siku 30 baadaye. Nyanya iliyofikishwa tarehe mosi hulipwa karibu miezi miwili baadaye. Kwa muda wa wiki 8 kikundi kitakuwa kimetoa mzigo wa shilingi 142,800 bila ya kupokea hata senti. Wanachama hawatangoja. Wiki ya tatu mama mmoja mwenye karo ya kulipa atauza mavuno yake kwa mchuuzi apitaye na pesa taslimu, na wa pili atamfuata, na kikundi kitashindwa kutimiza kilo zake. Hoteli itasema wenyeji hawaaminiki. Kumbe mzizi wa yote ulikuwa sentensi moja iliyokosekana katika barua.

Tukiomba ankara ya kila wiki na malipo ndani ya siku 14, deni halizidi wiki 3 hivi, yaani shilingi 53,550. Kiasi hicho kikundi chaweza kukibeba kwa akiba yake au kwa kukubaliana mapema kuwalipa wanachama nusu. Sharti hili liwe ukurasa wa kwanza, pamoja na bei. Wako wanaodhani ni adabu kulinyamazia mpaka hoteli iwe imekubali. Si adabu hiyo. Mhasibu akishtukizwa baada ya kukubali, huona ametegwa. Na hoteli ikisema haiwezi kupunguza siku 30, basi tujue kabla ya kuchuma, na bei ifikiriwe upya au mpango uachwe.

Mhasibu ana swali jingine: ankara itakuwa halali kwa kodi? Tangu Januari 2024 biashara nchini Kenya haiwezi kuhesabu gharama katika kodi yake ya mapato bila ya ankara iliyopitia mfumo wa eTIMS wa KRA. Hoteli inayonunua kwa risiti ya daftari la kawaida huilipia kodi gharama hiyo kana kwamba haikutumika. Mwishoni mwa 2024 sheria ililegezwa, ikaruhusu mnunuzi amtolee ankara mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Kwa hiyo mstari mmoja watosha: ama kikundi kinatoa ankara ya eTIMS, ama kinakubali hoteli iitoe, na namba ya PIN ya kikundi ni hii. Barua iliyokosa mstari huu hurudishwa na mhasibu hata kama meneja ameipenda.

Baada ya kuuliza na kuhesabu, barua yenyewe huwa fupi. Hoteli nyingi hupendelea Kiingereza katika karatasi za ofisi, na hilo halibadilishi mpango. Sisi twaiweka hapa kwa lugha yetu:

"Kwa Meneja Mkuu.

Kuhusu: Nyanya kilo 170 kwa wiki, majaribio ya wiki 2, jumla KSh 35,700.

Twaomba idhini yako tufikishe nyanya jikoni kwako kwa wiki 2, kuanzia Jumatatu ijayo, kwa KSh 105 kwa kilo, usafiri ukiwa ndani ya bei. Mtalipia kilo zilizokubaliwa na mpishi mkuu kwenye mizani yenu tu.

Kwa takwimu za stoo yenu, sasa mnatumia KSh 20,000 kwa wiki (nyanya 16,000 na usafiri 4,000) kupata kilo 170 zinazopikika. Kwetu kiasi hicho ni KSh 17,850. Nafuu ya KSh 2,150 kwa wiki itapatikana ikiwa safari ya mboga ya Mombasa itasimamishwa.

Tutafika Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kabla ya saa 3 asubuhi. Tukichelewa kupita saa 4, mko huru kununua kwingine siku hiyo na hatutadai chochote. Kiasi cha kila wiki tutakipanga na mpishi mkuu siku ya Alhamisi, kati ya kilo 80 na 170.

Twaomba kulipwa ndani ya siku 14 baada ya ankara ya kila wiki. Ankara ni ya eTIMS.

Baada ya wiki 2 mnaweza kuacha bila ya sharti. Ukikubali, tafadhali tia sahihi hapa chini au jibu 'Endeleeni' kwa namba hii, tukisubiri hati yenu ya agizo."

Kisha sahihi, jina la anayewajibika, na simu yake. Ni ukurasa mmoja. Historia ya kikundi, cheti cha usajili, PIN na picha ya shamba huambatishwa nyuma, kwa atakayetaka. Hatukutumia neno kuungwa mkono hata mara moja. Hoteli yaweza kutaka kuwasaidia wenyeji, na huenda ikawa hivyo, lakini msaada hutoka katika fungu la sadaka, lililo dogo na la msimu. Nyanya hununuliwa kila wiki.

Jambo moja la kupeleka pamoja na barua: kilo 5 za nyanya kwa mpishi mkuu, siku ile ile. Si zawadi ya kumlainisha mtu, na isipelekwe nyumbani kwake. Ipokelewe jikoni na kuandikwa stoo kama sampuli. Meneja atakapomuuliza, mpishi awe amekwisha kuzikata.

Hayo yote ni ya hoteli, shule za watu binafsi, na kampuni. Serikali ya kaunti, hospitali na taasisi za umma ni jambo jingine kabisa. Huko mwongozo ni Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, na anayeamua hana ruhusa ya kuvutiwa na barua nzuri. Zabuni ina fomu zake, na fomu moja isiyotiwa sahihi au cheti kimoja cha kodi kilichopitwa na tarehe huiondoa kabla bei haijatazamwa. Mwenye kuandika ufupi wetu wa ukurasa mmoja huko atakuwa amejinyima. Hata hivyo asilimia 30 ya zabuni za umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kikundi kilichosajiliwa kwa ajili hiyo kinaweza kushindania fungu hilo. Tutalieleza siku nyingine kwa nafasi yake.

Turudi hotelini. Jibu lisipokuja baada ya siku 3, mtu apige simu mara moja na aulize swali moja jepesi: je, kuna tarakimu ambayo mhasibu angependa kuihakiki? Swali hili hujibika, wakati "mmeamuaje?" humkera mtu ambaye hajaamua. Meneja akisema si sasa, aulizwe mkataba wa muuzaji wa sasa unaisha lini, na tarehe hiyo iandikwe.

Na akikubali, kila mzigo uwe na hati ya kupokelea iliyotiwa sahihi na mtunza stoo, ikionyesha saa ya kufika, kilo zilizoletwa na kilo zilizokataliwa. Mizigo 6 kwa wiki 2 ni hati 6. Hizo ndizo zitakazoambatishwa kwenye pendekezo la pili, lile la mwaka, litakalokwenda makao makuu likiwa na sahihi ya mpishi mkuu na hesabu ambazo mhasibu wa hoteli amekwisha kuzilipa.